Kigingi cha Kusogezwa

Rwamgasa, mkoani Geita, dhahabu ikishatoka kwenye karasha na mwalo, ikachomwa na kuwekwa kwenye mizani, mabishano huanza. Muuzaji anataka kujua bei ya dunia, ambayo hutajwa kwa dola. Mnunuzi tayari ameshaibadili kuwa shilingi kichwani. Katikati ya hesabu hizo mbili kuna namba ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeipanga: dola moja ni shilingi ngapi leo.

Kuna nchi ambazo serikali huitangaza namba hiyo na kuifunga kwenye dola kama mbuzi kwenye kigingi. Kamba ni fupi, mbuzi haendi mbali. Bei za ndani zikipanda upesi kuliko za nje, majani huisha pale kigingi kilipo. Mwenye mbuzi ana njia mbili: akichomeke mbali kwa mkupuo mmoja, au akisogeze hatua ndogo ndogo kila baada ya muda. Hii njia ya pili ndiyo ambayo Waingereza wameipa jina la pegi inayotambaa. Kwa Kiswahili wapo wanaosema “kigingi kinachotambaa”, lakini jina hilo lina kasoro. Kitambaacho ni mtoto au nyoka, kitu chenye nguvu zake chenyewe. Kigingi hakijing'oi. “Kigingi cha kusogezwa” kinatukumbusha kwamba kuna mkono unaokishika.

Tanzania iliwahi kuwa na mkono huo. Juni 1986, katika mpango wa kufufua uchumi, dola ilipandishwa kutoka shilingi 17 hadi 40. Huo ulikuwa mruko. Baada yake serikali iliendelea kuisogeza bei, mara nyingine kidogo kidogo, mara nyingine kwa mkupuo, na mwisho wa 1988 dola ilikuwa kama shilingi 125. Ukiigawanya safari hiyo kwa miezi 30, ni wastani wa karibu asilimia 4 kila mwezi.

Je, asilimia 4 ni nyingi au chache? Kipimo ni mfumuko wa bei. Miaka hiyo bei nchini zilipanda kama asilimia 30 kwa mwaka, na kwa wenye dola kama asilimia 3 au 4. Kuziba pengo hilo pekee kungehitaji kusogeza karibu asilimia 2 kwa mwezi. Serikali ilikwenda kwa kasi maradufu kwa sababu ilikuwa imechelewa: bei ya magendo ilikuwa mbele sana, na kigingi kilitakiwa kuifukuza.

Dhahabu inaonyesha kwa nini. Chukua gramu yenye thamani ya dola 12, ambayo ni karibu na bei ya dunia ya 1986. Kwa dola ya shilingi 17 mchimbaji angepata shilingi 204. Kwa dola ya 40 angepata 480, na kwa ile ya 125, bei ya dunia ikibaki palepale, 1,500. Nani angepeleka mzigo wake benki kwa 204, wakati mlanguzi alilipa kwa bei ya dola ya magendo? Dhahabu ya Kanda ya Ziwa ilivuka mipaka.

Hatua ndogo zina ugonjwa wake pia. Watu wakishajua kwamba mwezi ujao dola itapanda tena, mwenye dhahabu huificha na mwenye shilingi hukimbilia kununua bidhaa. Hatua zikizoeleka, kusubiri kunageuka biashara.

Kuanzia 1993 kigingi kiling'olewa. Kwanza ilikuja minada ya dola, kisha 1994 soko la fedha za kigeni baina ya mabenki. Tangu hapo shilingi inaelea, lakini kwa kusimamiwa, kama mtumbwi wenye mpiga kasia. Benki Kuu haitangazi dola iwe shilingi ngapi. Huingia sokoni kuuza au kununua dola pale wimbi linapokuwa kali. Kwenye mchoro utaitambua tofauti upesi: kigingi cha kusogezwa huchora ngazi, kuelea huchora mawimbi. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, kisha kuelekea mwisho wa mwaka ikashuka hadi karibu 2,400. Ngazi haishuki hivyo.

Kasia lenyewe ni akiba ya dola na dhahabu, na hapo Geita inarudi kwenye hadithi. Tangu Oktoba 2024 wauzaji nje wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya mzigo wao iuzwe nchini, na Benki Kuu huinunua kwa shilingi. Akiba inakua bila Benki kushindana na waagizaji kutafuta dola sokoni. Ila shilingi zilizolipwa huingia mitaani, na zisipovutwa tena kwa hati fungani, huzikimbiza bei, na bei huisukuma dola juu. Dalili ya kuchoka kwa kasia huonekana kwenye kaunta: bei rasmi imetulia, lakini mteja anayetaka dola anaambiwa arudi wiki ijayo.