Salamu na Jibu Lake: Kutoka Shamba la Boazi hadi Msibani Kwetu

Katika kitabu cha Ruthu, sura ya 2, mstari wa 4, Boazi anafika shambani kwake akitokea Bethlehemu. Kabla ya kuuliza habari za mavuno anawasalimu wavunaji kwa kuwatakia uwepo wa Bwana, nao wanamjibu kwa kumtakia baraka za Bwana. Mwenye shamba ndiye anayeanza, na vibarua wanamjibu kwa jina lile lile la Mungu. Salamu ya dini ina nusu mbili. Anayesalimu anatoa nusu ya kwanza, anayejibu anaikamilisha, na mara nyingi ni jibu linalotuonyesha watu wale wawili wanafanya nini mbele za Mungu.

Tumeona vema kuandika habari hii kwa sababu swali moja limekuwa likitujia tena na tena kutoka kwa washarika: Je, Mkristo akisalimiwa "Assalaamu alaikum", anaruhusiwa kujibu? Wako wanaonyamaza wakidhani kujibu ni kumkana Kristo. Wako wanaojibu "Bwana Yesu asifiwe" kwa sauti kubwa, kana kwamba wamerushiwa jiwe na wao wanalirudisha. Ili tujibu vizuri, yafaa tujue kwanza kila salamu imetoka wapi na inasema nini.

Tuanze na salaam. Neno hili la Kiarabu ni ndugu wa neno la Kiebrania shalom, na yote mawili yana maana ya amani, uzima na usalama. Wayahudi husalimiana "Shalom aleikhem" na kujibiwa "Aleikhem shalom". Waislamu husalimiana "Assalaamu alaikum", yaani amani iwe juu yenu, na kujibiwa "Waalaikumu ssalaam", yaani na juu yenu iwe amani. Angalieni jinsi maneno yanavyogeuzwa: aliyepewa amani anairudisha kwa aliyempa. Hii ni dua kwa ajili ya mtu. Bwana wetu mwenyewe aliitumia. Jioni ya siku ya Ufufuo, Yohana 20:19, aliwatakia wanafunzi amani, na katika Biblia ya Kiarabu ambayo Wakristo wa nchi zile wanaisoma, neno lililoandikwa pale ni salaam. Hata sisi tusemapo "nakusalimu", au tunapoulizwa habari na kujibu "salama", tunatumia shina la neno hilo hilo.

Katika mafundisho ya Kiislamu, kuanza salaam ni sunna, lakini kuijibu ni wajibu. Kurani, sura ya 4, aya ya 86, inaagiza kwamba anayesalimiwa ajibu kwa maamkio mazuri zaidi au yaliyo sawa na yale. Ndiyo maana jirani Mwislamu akikusalimu nawe ukanyamaza, haoni kwamba umeilinda imani yako. Anaona umemnyima haki yake. Utaratibu wa nani aanze nao umewekwa: aliyepanda mnyama humsalimu aendaye kwa miguu, apitaye humsalimu aliyeketi, wachache huwasalimu wengi, na mdogo humsalimu mkubwa.

Hata hivyo salaam si neno la amani tu. Tangu zamani imekuwa pia alama ya kumtambua Mwislamu, na aya ya 94 ya sura ile ile yaonyesha hivyo, kwani inakataza kumwambia mtu aliyetoa salaam wakati wa vita kwamba yeye si mwamini. Tena yako mapokeo yanayosema kwamba watu fulani pale Madina walikuwa wakilipindua neno na kusema "assaamu alaikum", yaani mauti iwe juu yenu, na Mtume wa Waislamu akawajibu kwa kifupi tu, "Waalaikum", yaani na juu yenu. Kutokana na mapokeo hayo wanazuoni wao wanatofautiana kuhusu namna ya kumjibu asiye Mwislamu. Basi Mkristo akianza yeye kutoa salaam, kisha akasikia jibu fupi "Waalaikum", asikasirike. Huenda mwenzake anafuata alivyofundishwa madrasa, wala hana ubaya naye.

Kwa upande wa Wakristo, majirani zetu Wakatoliki wana salamu ya zamani zaidi kuliko yetu. "Tumsifu Yesu Kristo" ni tafsiri ya maneno ya Kilatini yaliyotumika Ulaya kwa karne nyingi. Mwaka 1587 Papa Sisto wa 5 aliitia nguvu desturi hiyo kwa kuambatanisha rehema za kanisa lake na salamu hiyo pamoja na jibu lake. Wamisionari Wakatoliki waliokuja kwetu katika karne ya 19 walitoka katika nchi zenye desturi hiyo. Jibu lake ni "Milele na milele, amina". Hapa hakuna anayerudishiwa kitu. Wa kwanza anaalika, "tumsifu", na wa pili anaimalizia sentensi kwa kusema sifa hiyo iendelee mpaka lini.

Salamu yetu, "Bwana Yesu asifiwe", yenye jibu "Amen", ilienea kwa njia nyingine. Wamisionari wa Kilutheri walikuwapo Dar es Salaam tangu mwaka 1887, na Kilimanjaro tangu mwaka 1893, lakini iliyoifanya salamu hii kuwa ya watu wote ni Uamsho wa Afrika Mashariki. Moto huo uliwaka Gahini, nchini Rwanda, na Uganda, miongoni mwa Waanglikana, katika miaka ya 1930, kisha ukavuka mpaka na kuingia Buhaya, katika sharika za Kilutheri za Bukoba. Waliookoka walikuwa wakiimba na kusalimiana kwa neno la Kiganda "Tukutendereza", yaani tunakusifu. Kwa Kiswahili sifa hiyo ikawa "Bwana asifiwe" na "Bwana Yesu asifiwe". Askofu Josiah Kibira, aliyekuja kuwa Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia mwaka 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa Uamsho huo.

Kwa ndugu wale salamu hiyo ilikuwa ushuhuda. Aliyeitamka alikuwa ametubu hadharani, na aliyeijibu alikuwa anasema, "Nami ni wa damu hiyo hiyo." Lakini hapo hapo ilikuwapo hatari yake. Salamu iliyounganisha waliookoka iliweza pia kuwapima wengine. Mzee wa kanisa aliyezoea kusema "Hujambo" angeweza kuonekana bado yuko nje, hata kama alikuwa amelitunza kanisa kwa miaka mingi. Leo kipimo hicho kimelegea, kwa kuwa kila mtu anaisema, na limeingia tatizo lingine. Salamu imekuwa kengele. Mwenyekiti wa kikao anaitumia kunyamazisha watu, mshereheshaji anaitumia kujaribu kipaza sauti, mhubiri anairudia kila anapokosa neno la kuendelea, kisha anasema, "Sijasikia!" Dalili ya kwamba salamu imegeuka kengele ni hii: jibu linatakiwa liwe kubwa, wala hakuna anayejali kama ni la kweli.

Sasa turudi kwenye swali la washarika. Wanaokataza kujibu salaam hutaja Waraka wa Pili wa Yohana, mistari ya 10 na 11, unaokataza kumpa salamu asiyeleta mafundisho ya Kristo. Lakini mistari inayotangulia inawataja walimu waliozunguka wakikana kwamba Yesu Kristo alikuja katika mwili, nao walihitaji nyumba za Wakristo ili wapate chakula, malazi na mahali pa kufundishia. Kumkaribisha mwalimu wa namna hiyo kulikuwa kushiriki kazi yake. Jirani anayepita mlangoni pako asubuhi si mwalimu huyo. Juu ya jirani tunalo neno la Yesu mwenyewe, Mathayo 5:47, anapouliza tunatenda ziada gani ikiwa tunawasalimu ndugu zetu peke yao. Tena kujibu salaam hakumfanyi mtu kuwa Mwislamu, maana mlango wa kuingia Uislamu ni shahada. Kwa hiyo tunasema: ukitakiwa amani, jibu, "Waalaikumu ssalaam", nawe ukijua ni nani aliye amani yako.

Kuanza wewe ni jambo jingine. Mfanyabiashara Mkristo anayetoa salaam ndefu ili apate wateja, au mgombea anayeitoa ili apate kura, anavaa vazi lisilo lake, na wenye vazi wanajua. Kwa kuanza, Kiswahili kimetupa maneno ya kutosha yasiyo na dini: "Hujambo", "Habari za asubuhi", na kwa mkubwa "Shikamoo", ambayo jibu lake ni "Marahaba". Tuwakumbushe pia vijana wetu kwamba "Bwana Yesu asifiwe" haifuti "Shikamoo". Bibi anastahili zote mbili.

Tuchukue msiba uwe mfano, maana hapo ndipo salamu zote hukutana. Marehemu ni Mlutheri, wakwe ni Wakatoliki, na nusu ya majirani waliokaa chini ya turubai ni Waislamu. Wewe unayefika ndiye unayepaswa kuanza, na neno lako la kwanza ni "Poleni kwa msiba", kwa sababu linawahusu wote. Kwa mzee aliyevaa kanzu na kofia utasema "Shikamoo mzee", kama ungemwambia mzee yeyote. Akija mwingine akawapa watu wote salaam, itikia pamoja na walioketi. Mkwe akikuambia "Tumsifu Yesu Kristo", mmalizie sentensi yake, usimwachie "Amen" tupu kama unalijua jibu. Ibada ikianza, mchungaji atasalimu kwa jina la Yesu bila kuona haya, kwa maana sasa ni ibada ya Kikristo. Na ukienda msiba wa Kiislamu, "Poleni" inatosha. Huo si wakati wa kuwadai wafiwa "Amen".

Ofisi ya umma ina kanuni ya aina hiyo hiyo. Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 19, inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa muda mrefu viongozi wetu wamekuwa wakipanga salamu tatu au nne za dini mfululizo ili asiachwe mtu, na tangu mwaka 2021 tumemsikia Rais Samia Suluhu Hassan akisalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano na kujibiwa "Kazi iendelee". Mkristo aliyeketi dirishani kuhudumia wananchi naye awape wote salamu wanayoweza wote kuijibu. Anayeomba cheti cha kuzaliwa asilazimike kwanza kuonyesha ni wa dini gani.

Boazi aliwajua wavunaji wake, na alijua watamjibu kwa jina lile lile. Nasi kabla ya kufungua kinywa tumwangalie tuliyekutana naye: je, jibu tunalolitaka kwake, ataweza kulitoa kwa moyo wake wote? Akiweza, tuseme, "Bwana Yesu asifiwe." Asipoweza, tumsalimu kwa heshima, tumjulie hali, na tumwombee kimya kimya.