Kugandamana

Changanya tone la damu ya kundi A na kingamwili dhidi ya A juu ya kigae cheupe. Ukikitikisa taratibu, wekundu laini hukatika kuwa chenga. Huko ni kugandamana, tafadhali tusiseme kuganda: damu iliyoganda imenaswa na nyuzi za protini, ilhali hapa kingamwili imeshika seli kwa mikono yake na kuziunganisha.

Antijeni ikiwa imeyeyuka, tunaona mashapo meupe. Kingamwili zikizidi mno, kila antijeni hufunikwa peke yake, daraja halijengeki, na kipimo hudanganya mpaka seramu izimuliwe.

Kipimo cha mng'ao, tofauti na hivyo, hakihitaji chenga: kingamwili hubandikwa fluoresini, zisizoshika huoshwa, zilizoshika huwaka kijani kwenye hadubini.