Jibu la kiotomatiki katika barua pepe za ofisi ya umma

Jibu la kiotomatiki ni ujumbe unaotumwa na mfumo wa barua pepe wenyewe, pasipo mtumishi kuuandika wakati huo, mara barua ya mtumaji inapofika. Katika ofisi za umma kuna aina mbili. Ya kwanza ni *taarifa ya kupokea*, ambayo hutoka katika anwani ya ofisi na kumfikia kila anayeandika. Ya pili ni *taarifa ya kutokuwapo*, ambayo hutoka katika anwani ya mtumishi aliye likizo au safarini.

Aina zote mbili zina sifa moja inayozitenga na barua nyingine za kiofisi: huandikwa kabla ya barua zinazojibiwa. Mwandishi wake hajui nani ataandika, kwa jambo gani wala siku gani. Makosa mengi ya lugha katika majibu haya hutokana na kuisahau sifa hiyo.

Mfano wa kuchambua

Tuchukulie kuwa mkazi wa Maneromango ameiandikia Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe, mkoani Pwani, kuhusu mpaka wa kiwanja chake. Jibu lifuatalo limetungwa kwa ajili ya makala haya, kwa mtindo uliozoeleka:

> Ndugu Mteja, asante kwa kuwasiliana nasi. Tunakiri kupokea barua yako na suala lako linafanyiwa kazi. Utajibiwa mapema iwezekanavyo. Usisite kuwasiliana nasi.

Sentensi hizi hazina kosa la sarufi. Hata hivyo, wiki mbili baadaye msomaji hana namna ya kujua kama aendelee kusubiri, aandike tena, au atafute nauli ya kwenda Kisarawe mjini kuulizia.

Viambishi vya wakati: -me-, hu- na -ta-

Mfumo unajua jambo moja tu: barua imefika katika sanduku. Kwa hiyo *-me-* itumike kwa jambo hilo pekee: *barua yako imefika*. Kusema *suala lako linafanyiwa kazi* ni kudai kwamba mtu ameanza kulishughulikia, ilhali barua yenyewe huenda imeingia usiku wa Jumamosi na haijasomwa na yeyote.

Utaratibu wa ofisi huelezwa vizuri zaidi kwa *hu-*, kiambishi cha mazoea: *barua husomwa kila siku ya kazi, kisha hupelekwa katika idara inayohusika*. Kauli hiyo ni ya kweli kwa barua yoyote itakayoingia, hata ile ambayo mwandishi hakuitarajia. Kiambishi *-ta-* kibakie kwa ahadi, na ahadi itolewe pale tu ambapo yupo wa kuitimiza: *idara itakujibu*.

Kuhusu *kukiri kupokea*, huo ni msemo halali wa barua za kiserikali, ingawa katika matumizi ya kawaida *kukiri* hubeba pia maana ya kukubali kosa. Unafaa zaidi pale mtumishi anapothibitisha kwa mkono wake kwamba barua ameishika. Kwa mfumo, *imefika* inatosha.

Kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji

*Linafanyiwa kazi* na *utajibiwa* humficha mtendaji. Kiswahili kinaruhusu atajwe kwa *na*: *barua husomwa na watumishi wa masjala*. Kumtaja si kwa ajili ya sarufi tu. Mtumaji anapoona neno *masjala* anajua amuulizie nani siku jibu likichelewa. Itajwe ofisi au cheo, si jina la mtu, kwa kuwa mtumishi akihamishwa jina lake linaweza kubakia katika jibu kwa miezi mingi bila mtu kuliona.

Muda

*Mapema iwezekanavyo* si muda, kwani hakuna siku ambayo mtumaji anaweza kusema imepita. Itajwe idadi ya siku, na tofauti tatu zizingatiwe.

*Ndani ya siku 5* maana yake ni kabla siku hizo hazijaisha, ilhali *baada ya siku 5* maana yake ni zikishaisha. Vilevile, *siku 5* si *siku 5 za kazi*. Barua ikifika Ijumaa jioni, siku 5 za kawaida huishia Jumatano, lakini siku 5 za kazi huanza kuhesabiwa Jumatatu na kuishia Ijumaa, kama hakuna sikukuu katikati. Tatu, saa ziandikwe kwa hesabu ya Kiswahili na kipindi cha siku kitajwe: *saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri*. Anayeandika *7:30 hadi 3:30* humwacha msomaji akijiuliza ni saa za hesabu ipi.

Muda unaoahidiwa usipite ule wa sheria. Kwa mfano, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inataka ombi la taarifa lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu lilipopokelewa. Kwa mwombaji wa namna hiyo, taarifa ya kupokea ni kumbukumbu ya tarehe ambayo hesabu ilianza.

Wito na adabu

Jibu hilohilo litamfikia mkulima, diwani na wakili. *Ndugu Mteja* haimfai diwani, na *Mheshimiwa* haiwafai wote. *Ndugu* peke yake, ikifuatwa na mkato, hutosha. *Usisite kuwasiliana nasi* ni tafsiri ya neno kwa neno, na humwambia asisite mtu ambaye tayari ameandika. Heshima hubebwa vizuri zaidi na *tafadhali* moja ikifuatwa na kitenzi chenye *-e*: *tafadhali upige simu*.

Jibu lililosahihishwa

> Ndugu,
>
> Barua pepe yako imefika katika anwani ya Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe. Ujumbe huu umetumwa na mfumo kabla barua yako haijasomwa.
>
> Barua husomwa na watumishi wa masjala kila siku ya kazi, kisha hupelekwa katika idara inayohusika. Idara itakujibu kwa maandishi ndani ya siku 10 za kazi, kuanzia siku ya kazi inayofuata.
>
> Muda huo ukipita bila jibu, tafadhali upige simu masjala, namba [...], saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na utaje tarehe ya barua yako. Kabla ya hapo huna haja ya kutuma barua upya wala kufika ofisini.
>
> Masjala

Idadi ya siku hapa ni ya mfano. Katika ofisi halisi iwe ile ambayo idara zenyewe zimeikubali.

Taarifa ya kutokuwapo

*Nipo nje ya ofisi* hueleweka pia kama kusimama mlangoni. Lugha ya utumishi ina maneno yake: *nipo likizo*, *nimesafiri kikazi*, *nipo nje ya kituo cha kazi*. *Hayupo kazini* iepukwe, kwani huweza kumaanisha kwamba ameacha kazi. Sababu ya faragha, kama ugonjwa, haihitaji kutajwa.

*Nipo likizo hadi tarehe 14* huacha shaka: je, tarehe 14 yupo au hayupo? *Nitarejea kazini Jumatatu, tarehe 15* huondoa shaka hiyo. Mwishoni atajwe anayekaimu, na ielezwe nini kitatokea kwa barua iliyokwisha kutumwa:

> Ndugu, nipo likizo. Nitarejea kazini Jumatatu, tarehe 15, na barua yako nitaisoma siku hiyo. Kwa jambo lisiloweza kusubiri, tafadhali umwandikie Kaimu Afisa Ardhi, anwani [...]. Barua hii haitapelekwa kwake na mfumo.

Sentensi ya mwisho ndiyo husahaulika mara nyingi. Bila hiyo, mtumaji huweza kudhani kwamba kaimu ameipata barua yake, akasubiri jibu la mtu asiyejua kwamba anasubiriwa.