Namna ya kusoma diff: zoni moja inaweza kupotea kwa mstari mmoja

Watu wanaotengeneza orodha na ramani za afya za Kivu Kaskazini wanafanya kazi wengi kwenye fishie moja. Mmoja iko Goma, mwengine Masisi-kati, mwengine iko mbali hata na nchi. Kila mtu anapobadilisha kitu, programu inayoitwa Git inaweza kuonyesha nini kimebadilika: mstari gani umetoka, mstari gani umeingia. Maonyesho hayo ndiyo yanaitwa diff. Jina linatoka kwa programu ya zamani iliyoandikwa na Douglas McIlroy katika maabara ya Bell, Amerika, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alama za + na − namna tunavyoziona leo zilikuja mwaka 1990.

Mtu asiyezoea akiona diff anafikiri ni kazi ya wahandisi tu. Kumbe ni kitu cha kusoma kama vile mtu anasoma daftari ya duka ambamo wamekata deni na kuandika ingine. Kinachoomba ni macho na kuhesabu kidogo.

Tuchukue mfano. Fishie na mabadiliko yake vimetengenezwa hapa kwa ajili ya kufundisha, lakini majina ya zoni za afya ni ya kweli. Fishie inaitwa `zoni.csv`, iko na mistari 16. Mstari wa kwanza ni kichwa, ingine 15 kila mmoja unasema zoni ya afya na teritware yake. Ndani kuko kosa: Kibua imeandikwa iko Masisi, na kila mtu wa kule anajua Kibua ni Walikale. Mtu mmoja anatuma sahihisho na kulipa kichwa hiki: "Kusahihisha Kibua". Diff yake njo hii:

```
--- a/zoni.csv
+++ b/zoni.csv
@@ -3,7 +3,7 @@ Binza,Rutshuru
 Birambizo,Rutshuru
 Itebero,Walikale
 Katoyi,Masisi
-Kibua,Masisi
+Kibua,Walikale
 Kirotshe,Masisi
 Lubero,Lubero
 Masereka,Lubero
@@ -11,6 +11,5 @@ Masisi,Masisi
 Musienene,Lubero
 Mweso,Masisi
 Nyiragongo,Nyiragongo
-Pinga,Walikale
 Rutshuru,Rutshuru
 Walikale,Walikale
```

Mistari miwili ya juu inataja fishie. Yenye `---` ni fishie namna ilivyokuwa, yenye `+++` ni namna itakavyokuwa. Herufi a na b si folda za kweli, ni alama tu za "kabla" na "kisha".

Halafu kuko alama `@@`. Kila fasi inapotokea, kipande kipya kinaanza. Git haionyeshi fishie nzima, inaonyesha vipande tu vile ambamo kitu kimeguswa. Hapa kuko vipande viwili, na hilo tayari ni la kujiuliza: kichwa kilisema kosa moja, sasa kipande cha pili kinatafuta nini?

Namba zilizo kati ya `@@` na `@@` zinasomeka hivi. `-3,7` maana yake: katika fishie ya zamani, kipande hiki kinaanza mstari wa 3 na kiko na mistari 7. `+3,7` ni ile ile kwa fishie mpya. Mistari saba ilikuwa, mistari saba inabaki, sawa. Kipande cha pili kinasema `-11,6 +11,5`. Ilikuwa sita, inabaki tano. Hata kabla ya kusoma neno moja la ndani, mtu anajua tayari kuko mstari umepotea pale.

Maneno yanayofuata `@@` ya pili, yaani `Binza,Rutshuru` na `Masisi,Masisi`, yanadanganya wengi. Mtu anaona Masisi pale anafikiri wamegusa Masisi. Hapana. Git inachukua tu mstari ulioko juu ya kipande, unaoanza na herufi, inauweka pale kama kibao cha njia ili mtu ajue iko wapi ndani ya fishie. Hakuna kitu kimebadilika kwenye mstari ule.

Ndani ya kipande, tazama alama ya kwanza kabisa ya kila mstari, upande wa kushoto. Kama ni nafasi tupu, mstari haukuguswa. Hiyo ni mistari ya jirani. Kwa kawaida Git inaweka mitatu juu na mitatu chini ya fasi iliyobadilika, ao kidogo zaidi kama fishie inaishia pale. Ndiyo maana chini ya Pinga kuko miwili tu: kisha Walikale hakuna tena mstari. Mistari ya jirani inasaidia mtu ajue kwamba kweli ni fasi ile. Kama vile mtu wa Sake anavyosema nyumba iko kisha kanisa, kabla ya soko.

Kama alama ni `-`, mstari umetolewa. Kama ni `+`, umeongezwa. Hakuna alama ya "umebadilishwa". Git haijui kubadilisha, inajua kutoa na kuweka. Kwa hiyo Kibua inaonekana mara mbili: ya zamani imetolewa, mpya imewekwa chini yake. Minasi na plusi zinazofuatana hivi, mtu azisome pamoja kama jambo moja, atafute neno lililotofauti. Hapa ni Masisi na Walikale. Kama mstari ni mrefu na macho yanachoka, amri hii inaonyesha neno kwa neno:

```
git diff --word-diff-regex="[^,[:space:]]+"
```

Sasa Pinga. Ile minasi iko peke yake, haina plusi jirani. Kabla ya kulalamika, lazima kuangalia kama mstari haukuhamishwa tu, sababu mstari uliohamishwa unaonekana kama minasi fasi moja na plusi fasi ingine. Mtu anatafuta `+Pinga` katika diff nzima. Hapa haiko. Basi zoni ya Pinga imefutwa, na kichwa cha mabadiliko hakikusema lolote. Inawezekana ni kidole kiliteleza. Inawezekana ni mtu alifuta mstari akitaka kuubandika fasi ingine kisha akasahau. Diff haisemi sababu, inasema tu kilichotendeka.

Na mstari ule si mchezo. Agosti 2019, wakati wa Ebola iliyotangazwa katika Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ugonjwa ulifika pia katika zoni ya Pinga. Kama wakati kama ule orodha inayounganisha zoni na teritware haina Pinga, ripoti zinazotoka Pinga hazipati teritware ya kuingia. Jumla ya Walikale inatoka ndogo kuliko ukweli, na ramani inaonyesha fasi tupu. Mbaya zaidi, kompyuta haipigi kelele. Hesabu inatoka safi, na ni ya uongo.

Kwenye GitHub, ambako miradi mingi inawekwa, diff hizi zinaonekana katika ukurasa unaoitwa `Files changed`. Pale kila fishie iliyoguswa iko na sanduku lake, minasi kwa rangi nyekundu na plusi kwa kijani. Juu kuko hesabu: fishie ngapi, mistari mingapi imeingia, mingapi imetoka. Anayefanya kazi bila GitHub anapata hesabu ile ile kwa amri `git diff --stat`:

```
 zoni.csv | 3 +--
 1 file changed, 1 insertion(+), 2 deletions(-)
```

Hapa njo pa kuanzia kusoma, mbele ya kufungua kipande chochote. Kusahihisha Kibua kunaomba mstari mmoja utoke na mmoja uingie. Hesabu inasema mmoja umeingia, miwili imetoka. Hailingani na kichwa. Vilevile kama mtu alisema amegusa `zoni.csv` tu, na ukurasa unaonyesha fishie tatu, lazima kujua zile mbili zimeingiaje.

Katika ukurasa ule kuko mitego. Fishie kubwa, kama zile za ramani zenye maelfu ya mistari, GitHub haifungui yenyewe. Inaandika `Load diff` na kungoja mtu abonyeze. Wengi wanapita bila kubonyeza, hasa kama koneksio ni ndogo, kisha wanasema wamesoma yote. Kisanduku cha `Viewed` nacho ni alama ya msomaji mwenyewe ya kukumbuka amefika wapi. Hakihakikishi kitu.

Mtego ule unaosumbua zaidi huku kwetu unatoka kwa Excel. Mtu anafungua fishie kwenye Excel ya Kifaransa, anasahihisha neno moja, anahifadhi. Excel inaweza kuweka nukta-mkato mahali pa mkato kwenye kila mstari. Kwa macho ya Git mistari yote imebadilika, diff inakuwa nyekundu na kijani kuanzia juu hadi chini, na Pinga iliyofutwa inajificha ndani ya kelele. Hata hapo hesabu inasaidia: fishie yetu ingesema mistari 15 imeingia, 16 imetoka. Mmoja unakosekana. Lakini kutafuta ni upi ni taabu, na dawa nzuri ni kumrudishia mwenyewe arudishe mikato kwanza. Kama tofauti ni nafasi tupu tu ao alama za mwisho wa mstari ambazo Windows inaongeza, basi `git diff -w`, ao `Hide whitespace` katika GitHub, inaficha kelele na kuacha mabadiliko ya kweli.

Kuko kitu diff haiwezi: kujua ukweli wa nchi. Inaonyesha Kibua imetoka Masisi imeingia Walikale, lakini ingeonyesha kinyume chake kwa rangi zile zile. Hapo mtu wa Walikale iko na nguvu kuliko mhandisi wa mbali, hata kama hajaandika programu siku moja.

Msomaji akiisha kuona, anaweza kuandika maneno kwenye mstari wenyewe: katika `Files changed` anapeleka kishale karibu na namba ya mstari, alama ya + inatokea, anabonyeza. Kwenye Kibua anaandika kwamba anakubali. Kwenye Pinga anaandika: "Mstari huu umetoka bila sababu, urudishwe kati ya Nyiragongo na Rutshuru." Mwenye kutuma akiurudisha, kipande cha pili kinapotea chenyewe, sababu hakuna tena tofauti na fishie ya zamani pale. Inabaki kipande kimoja, `-3,7 +3,7`, na hesabu ya mmoja kuingia, mmoja kutoka.