Mdhamini Hufunguka, Haachiliwi

Tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu, kumezuka jamii ya wafasiri ambao kalamu zao zina kasi kuliko masikio yao, na miongoni mwa matunda ya kasi hiyo ni ibara niliyoikuta katika waraka wa mafunzo uliokuwa ukigawiwa kwa wakopeshaji wadogo wa Temeke, isemayo kwamba mkopeshaji akifanya “utofautishaji wa masharti” pasipo ridhaa ya mdhamini, basi mdhamini “ataachiliwa huru”. Niliandika barua ya hoja kwa waliohusika, nikaifuatisha na ya pili. Hazikujibiwa. Maadamu mlango ule umefungwa, nayaweka maneno yangu hapa.

Anayeachiliwa huru, kwa masikio ya mtu wa Mbagala au wa Tandale, ni mshtakiwa aliyetoka mahabusu kwa amri ya hakimu, tena palepale kizimbani neno mdhamini linalo maana nyingine, ya yule aliyemwekea mshtakiwa dhamana ili arudi nyumbani. Msomaji wa waraka ule atadhani kwamba mdhamini wa deni alikuwa na kosa, na kwamba yuko mwenye mamlaka aliyemwonea huruma. Lakini jambo lenyewe halina mwachiliaji: kitendo cha mdai na mdaiwa ndicho kinachoikata dhima, wapende wasipende, na mdai aghalabu hajui kuwa ameikata mpaka siku anapofika mahakamani.

Hapa ndipo Kiswahili kinapokuwa na hazina ambayo waandishi wa waraka ule hawakuijali. Sisi husema mtu amejifunga kwa dhamana. Aliyefungwa na mwenzake hufunguliwa, ilhali kifundo kilicholegea kwa sababu iliyo ndani yake hufunguka, na silabi hiyo moja ya ‑ka, ambayo ndiyo hutenganisha kuvunjwa na kuvunjika, inabeba fikra yote ya kifungu cha 85 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mdhamini hufunguka. Najua watakaosema kwamba vijana wa leo na magazeti ya burudani hulitumia neno hilo kwa msanii aliyeamua kusema siri zake; lakini neno halipotezi nasaba yake kwa kuazimwa mtaani, na hakuna atakayesoma “mdhamini hufunguka dhamana” akafikiri kuwa mdhamini anahojiwa redioni.

Nasaba ya dhamana yenyewe yaunga mkono. Mzizi wake katika Kiarabu una maana ya kukichukua kitu ndani, kukiingiza katika himaya yako. Nao wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi, walipoitafsiri kafala, walisema ni kuiunganisha dhima na dhima. Dhima ni neno letu pia, halihitaji kufasiriwa kwa mtu wa pwani. Ikiwa dhamana ni dhima mbili zilizofungwa pamoja, basi inayogeuzwa umbo bila ya nyenziye kujua huuacha ule mfungo wenyewe. Mwenzangu mmoja katika fani hii ameshika “kubatilika”, naye hakosi ufasaha, ila amekosa sheria: kilichobatilika huhesabiwa hakikuwapo tangu mwanzo, ilhali kifungu cha 85 humtoa mdhamini katika shughuli zilizofuata badiliko, na za nyuma humwachia shingoni.

Tuchukue fundi seremala wa Keko anayechukua kwa mkopo mbao za msonobari za Sao Hill kutoka kwa mfanyabiashara wa Tandale. Mjomba wake, mstaafu wa Mwananyamala, ametia saini kuwa atalipa mbao zote atakazochukua fundi iwapo fundi atashindwa, na sharti la biashara ni kwamba kila shehena ilipwe ndani ya siku 30. Kufikia mwisho wa Machi fundi anadaiwa shilingi 2,400,000. Mwezi wa Aprili yeye na mwenye mbao, wakiwa wawili tu, wanaafikiana kwamba shehena zijazo zilipwe kwa siku 90 na bei ipande kwa sababu ya muda huo. Mpaka Julai zimechukuliwa mbao nyingine za shilingi 3,100,000, kisha fundi anafunga karakana. Mwenye mbao anabisha hodi Mwananyamala akidai shilingi 5,500,000. Jawabu la sheria ni kwamba mjomba analipa 2,400,000 za kabla ya Aprili, na zilizobaki hazimhusu, kwa kuwa hatari aliyokubali kuichukua ilikuwa ya siku 30, na hii ya siku 90 hakuulizwa.

Waingereza ni wakali zaidi. Katika kesi ya Holme na Brunskill ya mwaka 1878, mdhamini alikuwa ameahidi kwamba kundi la kondoo la shamba lililokodishwa litarudishwa likiwa timamu. Mwenye shamba na mpangaji wakaafikiana kiwanja kimoja kirudishwe, kodi ipungue kwa pauni 10. Wazee wa baraza waliona badiliko hilo halina uzito, lakini majaji walio wengi wa Mahakama ya Rufani wakasema kwamba, isipokuwa pale ambapo ni dhahiri pasi na uchunguzi kuwa badiliko ni dogo au haliwezi kumdhuru, mwenye haki ya kupima ni mdhamini mwenyewe, na wakamfungua kwa jumla. Sheria yetu, iliyotungwa 1961 na kurithi maneno ya ile ya India ya 1872, ilichagua njia ya kumfungua kuanzia siku ya badiliko, na mfasiri asiyeiona tofauti hii atawafundisha watu sheria ya nchi nyingine.

Sasa tubadili kisa kidogo. Lau mwenye mbao mwezi wa Aprili angeafikiana na fundi kwamba zile 2,400,000 za nyuma nazo zingojee mpaka Desemba, na maafikiano hayo yakawa ni mkataba wenye badala yake, mathalani fundi kukubali kuongeza kitu juu ya deni, tungetoka kifungu cha 85 na kuingia cha 87, ambacho humfungua mdhamini asiyeridhia deni ambalo mdai amejifunga kulingojea. Mjomba angekuwa hadaiwi hata senti. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: mdhamini ana haki ya kulipa leo na kumgeukia mdaiwa leo, ilhali mdai amekwisha kujifunga mikono hadi Desemba.

Walakini kungoja si kuahidi kungoja. Mwenye mbao aliyekaa kimya toka Machi hadi Agosti kwa soni au kwa uvivu hajamfungua mtu, kwani kifungu cha 89 chasema kuwa kuchelewa kudai peke yake hakumtoi mdhamini, ila kama mkataba wa dhamana una sharti jingine. Kwa hiyo swali la kwanza la wakili mbele ya mdhamini mwenye hofu haliwi “mdai alichelewa kwa muda gani?” bali “walipatana nini, na wapi pameandikwa?”

Katika matumizi, mdhamini na aisome fomu ya benki kabla ya kutia saini, kwa maana fomu nyingi zina ibara ya kuridhia tangu mwanzo kila badiliko na kila muda utakaoongezwa, na aliyeridhia hivyo hafunguki kwa badiliko aliloliridhia.

Kuhusu huo “utofautishaji”, sina maneno mengi. Kutofautisha ni kuona kwamba vitu viwili si sawa. Mwenye mbao na fundi hawakuona tofauti yoyote, waligeuza masharti. Kugeuza masharti ndiko kulikosemwa mitaa yote ya Kinondoni kabla ya waraka ule kuchapwa, na naomba toleo lake lijalo liandike hivi: masharti yakigeuzwa pasipo ridhaa ya mdhamini, mdhamini hufunguka kwa yote yatakayotendeka baada ya kugeuzwa huko.