Nusukipenyo cha mzunguko

Nusukipenyo cha mzunguko (alama: k) ni umbali kutoka kwenye mhimili ambako tungamo lote la kitu kinachozunguka lingeweza kukusanywa bila kubadili momenti yake ya inesha. Kwa kitu chenye tungamo m na momenti ya inesha I, k = √(I/m). Hupimwa kwa mita, na daima hutajwa pamoja na mhimili wake, kwa kuwa kitu kilekile huwa na k nyingine kikizungushwa kwenye mhimili mwingine. Kwa gurudumu, mhimili unaokusudiwa kwa kawaida ni ekseli.

Vitabu vingine vya shule hukiita umbali wa wastani wa tungamo kutoka kwenye mhimili. Hilo si sahihi. Kila umbali hupigwa kipeo cha pili kwanza, kisha hutafutwa wastani, na mwisho kipeuo cha pili cha jibu. Kwa sahani bapa isiyo na tundu yenye nusukipenyo R, wastani wa kawaida ni 0.667R, ilhali k ni 0.707R. Tofauti hiyo hutokea kwa sababu vipande vya pembeni huhesabiwa kwa nguvu zaidi kuliko vya katikati.

Historia

Wazo hili lilitokana na saa, si magurudumu. Mwaka 1646 Marin Mersenne, padri na mwanahisabati wa Paris, alimpa kijana Mholanzi Christiaan Huygens swali lililokuwa limewashinda wengi: kitu chenye umbo lolote kikining'inizwa na kubembea, kinalingana na pendulamu ya uzi yenye urefu gani? Huygens aliunda saa ya pendulamu mwaka 1656, na jibu kamili akalitoa katika kitabu chake *Horologium Oscillatorium* cha mwaka 1673. Kwa lugha ya leo, urefu huo ni L = d + k²/d, ambapo d ni umbali kutoka mahali pa kuning'inizia hadi kitovu cha tungamo. Jambo la kustaajabisha ni kwamba alifika hapo kabla dhana ya momenti ya inesha haijapewa jina. Jina hilo ni la Leonhard Euler, aliyelieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1765 kuhusu mwendo wa vitu vigumu.

Kupima k ya gurudumu la baiskeli

Kanuni ya Huygens ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kupata k, kwa sababu haihitaji kujua uzito wa gurudumu wala wa sehemu zake. Gurudumu hutundikwa kwa upande wa ndani wa ringi juu ya chuma chenye ukingo mkali kilichokazwa mezani, likasukumwa kidogo, kisha muda wa kwenda na kurudi ukapimwa. Ikiwa T ni muda wa mbembeo mmoja kamili, basi

k² = gdT²/4π² − d²

Chukua gurudumu la inchi 28 la baiskeli nzito ya kawaida, lenye tairi na tyubu yake. Kutoka katikati ya ekseli hadi upande wa ndani wa ringi ni mita 0.30, na hadi ukingo wa nje wa tairi ni mita 0.355. Mibembeo 10 ikichukua sekunde 15.2, T ni sekunde 1.52. Sehemu ya kwanza ya kanuni hutoa 0.172, ukitoa 0.090 hubaki 0.082, na k huwa takriban mita 0.287. Nambari hiyo ni pungufu kuliko nusukipenyo cha ringi yenyewe, kwa kuwa hab na spoku huivuta kuelekea katikati.

Kosa la sekunde 0.1 katika mibembeo 10 huhamisha jibu kwa milimita 4 hivi, ndiyo maana wapimaji makini huhesabu mibembeo 30 au zaidi. Mbembeo uwe mdogo, kwani ukiwa mpana T hurefuka. Gurudumu likiyumba kwa pembeni au likiteleza juu ya chuma, kipimo hicho hakifai. Kosa linalojificha zaidi ni la valvu: uzito wake husogeza kitovu cha tungamo kando ya ekseli, na d iliyopimwa kwa rula haiwi d ya kweli. Dalili yake ni T kubadilika gurudumu linapotundikwa kwenye sehemu nyingine ya ringi. Dawa ni kupima likiwa na valvu juu, kisha chini, na kuchukua wastani.

Kulinganisha magurudumu

Magurudumu mawili ya ukubwa na uzito tofauti hayalinganishwi kwa I, maana kubwa litashinda kwa ukubwa wake tu. Hata k peke yake haitoshi. Kinacholinganisha maumbo ni uwiano k/R, ambao hauna kizio. Pete nyembamba ina uwiano wa 1, sahani bapa 0.707, na gurudumu letu la baiskeli 0.81. Tairi tupu, bila ringi wala hab, hukaribia 0.94.

Maana ya nambari hizi huonekana kwenye mteremko. Kitu kinachobingirika bila kuteleza huongeza kasi kwa g sinθ / (1 + k²/R²). Tungamo halimo, na ukubwa umo ndani ya uwiano tu. Katika mteremko wa nyuzi 5 wenye urefu wa mita 10, bila kuhesabu upinzani wa hewa na wa udongo, sahani bapa hufika kwa sekunde 5.9, gurudumu zima la baiskeli kwa 6.2, tairi tupu kwa 6.6 au 6.7, na pete nyembamba kwa 6.8. Kwa hiyo tairi ambalo mtoto hulikimbiza kwa kijiti hushindwa na gurudumu lilelile lililolizaa, ingawa ni jepesi zaidi.

Kwa mwendesha baiskeli, gramu iliyoko kwenye ringi huhesabiwa kama gramu 1.8 wakati wa kuongeza kasi, na iliyoko kwenye hab kama 1 tu. Wauzaji wa ringi nyepesi hulisisitiza jambo hili kupita kiasi. Magurudumu mawili ya kilo 2.15 kila moja huongeza tungamo la kusukumwa kwa kilo 2.8 hivi, yaani asilimia 3 ya mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 95. Kasi ikiwa haibadiliki, hata kwenye mlima, ongezeko hilo hutoweka kabisa na hubaki uzito wa kawaida.

Flaiwili

Flaiwili za injini za zamani za dizeli hutaka kinyume cha hayo: chuma kingi hupelekwa pembeni ili k ikaribie R na injini isitetereke kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Kikomo chake ni mkazo unaovuta ukingo, ambao huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi ya ukingo. Chuma cha kumimina, ambacho ni dhaifu kinapovutwa, hupasuka mapema.

Matumizi mengine

Wahandisi wa majengo hutumia jina hilohilo kwa kipimo cha eneo la mkato wa nguzo, wakikokotoa hatari ya nguzo kupinda. Wanakemia hukitumia kueleza ukubwa wa molekuli ndefu zilizojikunja.