Uanagenzi wa Uwakili: Istilahi na Barua Pepe ya Kuuomba

Anayehitimu shahada ya sheria nchini Kenya bado si wakili. Mbele yake ipo Shule ya Sheria ya Kenya, ipo mitihani ya masomo 9 chini ya Baraza la Elimu ya Sheria, na ipo miezi 6 ya kufanya kazi chini ya wakili mzoefu. Kipindi hicho cha mwisho ndicho wanasheria wanachokiita pyupileji, na anayekipitia humwita pyupili. Ukipita kwenye korido za mahakama utalisikia neno hilo katikati ya sentensi ya Kiswahili, kana kwamba lugha yetu haina lake. Inalo, na kulichagua vizuri kunasaidia hata kuandika barua pepe ya kuomba nafasi yenyewe, kwa sababu maombi mengi huharibika pale mwombaji anaposhindwa kusema yuko hatua gani ya safari.

Tuanze na maana. Jina hilo la Kiingereza lina asili ya Kilatini. Katika sheria ya Kirumi lilikuwa la mtoto yatima ambaye hajabaleghe, aliyewekwa chini ya mlezi. Mtoto huyo aliweza kupokea zawadi peke yake, lakini hakuweza kujifunga kwa deni au mkataba bila mlezi kutoa idhini. Mawakili wa mahakamani wa Uingereza walilichukua jina hilo kwa ajili ya vijana wao, na hadi leo kijana wa huko hukaa miezi 12 chini ya msimamizi. Nusu ya kwanza hutazama na kujifunza, na nusu ya pili huruhusiwa kupokea kazi na kusimama mahakamani kwa idhini ya msimamizi wake.

Kenya ilirithi jina, lakini sheria yake ina mpaka wake. Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kifungu cha 9, inadai mambo matatu kwa anayefanya kazi ya uwakili: awe amekubaliwa kuwa wakili, jina lake liwe kwenye Daftari la Mawakili, na awe na cheti cha kazi cha mwaka husika. Aliye kwenye pyupileji hana hata moja. Anaweza kuandika rasimu ya hati ya madai usiku kucha, lakini sahihi itakuwa ya wakili aliye juu yake, na lawama ya kosa itakuwa ya wakili huyo pia. Hapo ndipo yule mtoto wa Kirumi anapoonekana tena: kazi anaifanya, ila haimfungi mtu mpaka mlezi aikubali.

Sasa tafsiri. Neno la kwanza linalokuja kichwani ni "uanafunzi", lakini ni pana mno. Mwanafunzi wa darasa la tatu na mwanafunzi wa chuo kikuu wote wamo ndani yake. Neno la pili ni "utarajali", ambalo Tanzania imelizoesha masikio kupitia madaktari tarajali hospitalini. Lina mvuto, na mtu angetamani kusema "wakili tarajali". Tatizo ni kwamba linatanguliza cheo. Kifungu cha 33 cha sheria ile ile kinamwadhibu mtu asiye na sifa anayejifanya wakili kwa makusudi, au anayetumia jina au cheo kinachoonyesha kwamba ni wakili. Sisemi kwamba mtu atashtakiwa kwa neno moja, ila istilahi nzuri haimweki mtumiaji wake karibu na ukingo wa kosa. Mteja anayepewa kadi iliyoandikwa "wakili tarajali" atasoma neno la kwanza na kuliacha la pili.

Kwa hiyo napendekeza "uanagenzi wa uwakili". Mwanagenzi ni anayejifunza kazi mkononi mwa mjuzi wa kazi hiyo, na serikali ya Tanzania imelitumia neno uanagenzi kwa mafunzo ya ufundi yanayofanyika mahali pa kazi. Katika jina hili uwakili ni kazi inayofunzwa. Si cheo cha anayejifunza. Anayepitia kipindi hicho ni mwanagenzi wa uwakili, na aliye juu yake, ambaye kwa kawaida anatakiwa awe na miaka isiyopungua 5 katika kazi, ni "wakili mlezi". Mlezi ni neno la nyumbani kwetu tangu zamani, nalo linarudisha maana ile ile ya Kirumi: anayefunza na anayebeba dhamana. Tanzania imekwisha kuelekea upande huu. Taasisi yake iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 inaitwa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini humo. Maombi ya aina hii yatazidi kuandikwa kwa Kiswahili, na yanahitaji maneno yaliyokwisha kupimwa.

Turudi Kenya. Upande wa pili wa ule mpaka wa Sheria ya Mawakili kuna nafasi nyingine ambayo waombaji huichanganya na hii. Mwanagenzi akishafaulu mitihani na kumaliza miezi yake, humwandikia Jaji Mkuu ombi la kukubaliwa, kisha huapishwa na kutia sahihi kwenye Daftari. Kuanzia hapo ni wakili, ana namba inayoanza na P.105, na kila mwaka huchukua cheti cha kazi. Lakini bado hawezi kufungua ofisi yake. Kifungu cha 32 cha sheria hiyo kinamtaka afanye kazi mfululizo kwa miaka 2 akiwa ameajiriwa, ama katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, ama katika taasisi iliyoidhinishwa, ama na wakili aliyefanya kazi kwa jina lake mwenyewe kwa miaka isiyopungua 5. Huyu nitamwita "wakili mwajiriwa", kumtofautisha na mbia mwenye hisa katika kampuni ya mawakili.

Sasa isome sentensi hii, ambayo hufika katika ofisi za mawakili kwa maumbo mengi: "Naomba nafasi yoyote ya uanagenzi au ya uwakili wa ngazi ya chini katika kampuni yenu tukufu." Mwandishi anadhani amepanua bahati yake. Mbia anayeisoma kwenye simu, akisubiri kesi yake iitwe, anabaki na swali: huyu yumo kwenye Daftari au hayumo? Akiwa yumo, uanagenzi ameshaumaliza. Akiwa hayumo, hawezi kusimama mahakamani kuomba tarehe ya kesi. Hakuna mtu anayestahili nafasi zote mbili siku moja. Ombi hilo linamwambia msomaji kwamba mwandishi hajui sheria inayosimamia maisha yake mwenyewe, na hilo ni jambo baya kwa anayeomba kufundishwa sheria.

Hebu tuiandike upya kwa mwombaji mmoja wa kubuni. Amemaliza masomo ya darasani, anataka kuanza Januari, na ofisi anayoiandikia inajulikana kwa kazi za ardhi, hasa mauzo ya mashamba.

*Mada: Ombi la uanagenzi wa uwakili, miezi 6 kuanzia Januari*

*Kwako Wakili,*

*Mimi ni mwanafunzi wa Shule ya Sheria ya Kenya. Nimemaliza masomo ya darasani na ninatafuta wakili mlezi kwa miezi 6 kuanzia Januari.*

*Nimeichagua ofisi yako kwa sababu ya kazi zake za mauzo ya mashamba. Katika somo la uhamishaji wa ardhi niliandaa faili la mazoezi la mauzo ya aina hiyo: mkataba, ombi la idhini kwa Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na hati ya uhamisho. Kitu cha kwanza nilichokiandika juu ya faili kilikuwa tarehe ya mwisho ya kupeleka ombi la idhini, miezi 6 tangu mkataba ulipofanywa.*

*Kabla ya kuapishwa sitaweza kusimama mahakamani wala kutia sahihi hati kama wakili. Ninachoweza kuanza nacho ni utafiti wa sheria, rasimu za mikataba na barua, na kufuatilia mafaili masjala.*

*Nimeambatisha wasifu wangu wa kurasa 2 na matokeo yangu ya chuo kikuu, yote katika faili moja la PDF. Ninaweza kuja kwa mahojiano siku utakayopanga.*

*Wako mwaminifu,*

Mstari wa mada unamaliza maswali matatu kabla barua haijafunguliwa: anaomba nini, kwa muda gani, kuanzia lini. Aya ya kwanza inamweka mwandishi upande wake wa mpaka. Aya ya pili ndiyo moyo wa barua, na inastahili kutazamwa kwa karibu.

Mashamba mengi ya Kenya hayauziki bila idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi. Sheria inataka ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu makubaliano, na mauzo yasiyo na idhini ni batili, hata kama bei imelipwa yote na mnunuzi ameshalima. Mahakama inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya kutosha, lakini hakuna wakili anayependa kwenda kueleza kwa nini alisahau. Mwombaji anayeitaja tarehe hiyo ametaja kitu kinachomsumbua mwenye ofisi. Hakujisifu kwamba ni makini. Msomaji ameuona umakini huo mwenyewe. Kwa ofisi ya kesi za jinai aya hii ingebadilika yote, labda ikasimulia rasimu ya ombi la dhamana. Ikiwa aya inaweza kutumwa kwa ofisi kumi bila kuguswa, bado haijaandikwa.

Aya ya tatu huwatia waombaji hofu, wakidhani kutaja wasichoweza ni kujishusha. Wakili mlezi huisoma kinyume. Dhamana ya kazi ya mwanagenzi iko shingoni mwake, kwa hiyo anayejua mwisho wa mamlaka yake ni wa kuaminiwa kuachiwa faili.

Wakili mwajiriwa akiandika barua yake, aya hiyo ndiyo inayogeuka. Atataja mwaka aliokubaliwa, namba yake ya P.105, na kwamba ana cheti cha kazi cha mwaka huo, halafu kesi au shughuli alizozishughulikia bila kufichua siri za wateja. Kabla ya kuituma anapaswa kuangalia mwenye ofisi amefanya kazi kwa jina lake kwa miaka mingapi. Ofisi iliyofunguliwa miaka 3 iliyopita na wakili hodari inaweza kumlipa vizuri, lakini kama hakuna mwingine pale aliyetimiza miaka 5, muda huo hautahesabiwa katika miaka 2 ya kifungu cha 32. Atagundua siku anayotaka kuandika jina lake mlangoni.

Ndiyo maana ninashikilia maneno haya mawili yatengane waziwazi: uanagenzi wa uwakili kabla ya Daftari, wakili mwajiriwa baada yake. Mwombaji akijua lipi ni lake leo, mstari wa mada umekwisha kujiandika.